Utakaposimama Mbele ya Kidato cha Nne

Mwanangu Jonasi,

Umekwenda mjini Kibondo kuwaaga rafiki zako, na baba yako yuko uani anashona mkanda wa begi lako ambao haujakatika. Nimepata nafasi ya kukaa peke yangu mezani. Asubuhi uliniuliza jambo, nami nikakujibu, "Kunywa uji kwanza." Uliniangalia ukadhani nimepuuza. Sikupuuza. Jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko kikombe cha uji, ndiyo maana naandika.

Habari za kufua, kupika na kuchagua watu wa kukaa nao sitazigusa. Baba yako amezisema tangu juzi, na umri wako nauheshimu. Kesho unapanda basi la Kasulu kwenda kuanza kazi ya ualimu, kazi ile ile iliyonizeesha mimi, na mkuu wako mpya amekwisha kukupigia simu: "Wewe ni kijana, watakusikiliza. Jumatatu paredi utaongea na kidato cha nne, mtihani wa taifa umekaribia." Ndipo ukaniuliza, "Mama, niwaambie nini?"

Nitakuambia nilichowaambia mimi mara ya kwanza. Wakati huo ulikuwa darasa la tatu na ulikuwa ukiishi kwa bibi yako, kwa hiyo hukuyaona.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya kata huko juu milimani, upande wa Kibondo. Mkuu wetu alikuwa mwalimu Ruhasha, mtu mrefu, mnyoofu, asiyekula chakula cha wanafunzi hata kijiko. Mwaka uliotangulia shule yetu ilikuwa na sifuri nyingi, yaani watoto waliofeli kabisa, na jambo hilo lilimkaa kifuani. Akienda kikao cha wilaya alirudi akiwa amefunga mdomo.

Mwaka ule tulifanya mahafali ya kidato cha nne mapema, kama ilivyo kawaida, kabla ya mtihani. Mgeni rasmi alikuwa mtu mwema, mcheshi. Aliona watoto wana wasiwasi, akawahurumia. "Mtihani ni karatasi tu," akasema. "Ninyi mmeshashinda. Nendeni mkapumzike, msijitese." Watoto wakampigia makofi mpaka vumbi likainuka. Nami nilipiga makofi. Jioni hiyo nilipopita kwenye maandalio, yale masomo ya kujisomea usiku, madarasa yalikuwa nusu. Kesho yake yakawa robo. Wavulana walikuwa nyuma ya bweni wakisikiliza mpira redioni, na nilipowauliza, mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Madam, mgeni rasmi alisema tupumzike."

Mwalimu Ruhasha alipopata habari, paredi ya Jumatatu iliyofuata ilikuwa ya moto. Aliongea Kiingereza, maana kwenye paredi yake Kiswahili kilikuwa marufuku. Aliwaambia kwamba atakayepata sifuri asimwonyeshe uso, asipite hata kwenye njia ya shule, na kwamba wazazi wao wanalima maharage kwa jasho ili wao walale. Alitaja shule jirani zinazotucheka. Kidato cha nne walisimama mbele kama nguzo. Jioni ile maandalio yalijaa, na mwalimu Ruhasha akaniambia, "Unaona, madam? Hawa wanataka fimbo ya maneno."

Niliingia kuwaangalia. Kweli walikuwa wamejaa, na kila mmoja alikuwa na kitabu wazi, lakini hakuna aliyekuwa akigeuza ukurasa. Juma hilo wasichana watatu walitapika asubuhi. Mmoja alianguka bwenini akapiga kelele, na wenzake wakaanza kuanguka kwa kumwona yeye. Wavulana wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu mjini ana pepa, yaani ana maswali ya mtihani. Hofu ilikuwa imeingia, na hofu ikishaingia haisomi chochote.

Kati yao alikuwapo msichana anayeitwa Ester Nyandwi. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, wakapata uraia, wakawa wakulima wazuri upande wa Kabanga. Ester ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake Baiolojia mimi nikichelewa. Lakini kwenye mock ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, alirudisha karatasi ya Baiolojia karibu tupu. Nilidhani alikuwa mgonjwa.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta bombani na begi lake limefungwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi, madam. Anauza dagaa na vitenge kule karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ameniambia nafasi ipo."

"Na mtihani?"

Aliangalia ndoo ikijaa. "Madam, kwenye mock nilikuwa najua. Nilipogeuza karatasi kila kitu kikaondoka. Nikawa naona maandishi kama wadudu. Nyumbani baba anasema, sisi tulipata karatasi ya uraia, wewe tuletee karatasi ya kidato cha nne. Nikipeleka sifuri nitamwambia nini? Heri niseme sikufanya."

Nilimsaidia kubeba ndoo. Sikumwambia abaki, kwa sababu sikuwa na sababu ya kumpa. Nilimwomba kitu kimoja tu, asubiri paredi ya kesho. Akasema atasubiri, kwa kuwa basi lenyewe lingepita kesho hiyo saa nne.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu Ruhasha. Nilimkuta anapalilia migomba yake. Nikamwambia naomba kuongea na kidato cha nne kesho, na naomba niongee Kiswahili.

"Kiswahili kwenye paredi?"

"Mtoto akiwa na hofu, mkuu, humtulizi kwa lugha anayoitafsiri kichwani neno kwa neno."

Aling'oa jani kavu. "Usiwalegeze," akasema. "Nimeona nini kilitokea mgeni alipowalegeza."

"Siwalegezi."

"Na usinipinge mbele yao."

Hilo la pili ndilo lililonipa taabu. Nilikaa nikaandika hotuba ya kurasa tatu, nzuri, yenye maneno ya kupendeza.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, unajua ule wa milima yetu, hata bendera huioni vizuri. Waliimba wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu akakagua kucha na mashati, kiranja mkuu akatoa matangazo ya jembe lililopotea. Kisha nikaitwa. Nikatoa kurasa zangu nikaanza kusoma: "Wapendwa wanafunzi, elimu ni..." Nikainua macho. Walikuwa wakiniangalia kwa heshima, wote, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa pale. Ester alikuwa mwisho wa mstari, na begi lake liko miguuni.

Nikakunja kurasa nikaziweka mfukoni mwa sweta. Nikamwambia kiranja mkuu, "Leta meza moja na kiti kimoja kutoka darasani, uviweke hapa."

Vilipofika nikamwita mvulana mmoja akae. Nikawaambia: "Wangapi mnaogopa mtihani? Msiinue mikono, najua ni wote. Mimi pia niliogopa wangu. Kuogopa si kosa na si ugonjwa. Mwili wako unajiandaa kwa jambo kubwa, na jambo hili ni kubwa, sitawadanganya. Lakini nusu ya hofu yenu ni ya chumba ambacho hamjawahi kuingia. Basi leo tunaingia."

Nikavaa sura ya msimamizi mgeni. Nikawaeleza kwamba siku ile hawatatuona sisi walimu wao mlangoni. Watakuja wasimamizi kutoka shule nyingine, na polisi atakuwapo. "Hawajaja kuwakamata. Polisi analinda karatasi zisiibiwe. Msimamizi hayajui majina yenu, na hatakiwi kuyajua. Mtapekuliwa kabla ya kuingia. Simu, karatasi iliyoandikwa, hata ikiwa ni ya wimbo wa kanisani, iache bwenini. Mtu anayekuuzia pepa anakuuzia kufutiwa matokeo yako yote, usome Kiingereza chake utaona hata maswali yenyewe hajui kuyatunga." Hapo wavulana wawili walitazama chini, na wachache wakacheka kidogo.

Nilikuwa nimekuja na bahasha ya kaki niliyoifunga kwa gundi. Nikawaita wanafunzi wawili waikague. "Mtaonyeshwa hivi hivi. Angalieni imefungwa. Imefungwa?" Wakasema imefungwa. Nikaikata kwa mkasi mbele yao, nikampa yule mvulana karatasi ikiwa imefunikwa. "Usigeuze mpaka uambiwe. Kabla ya yote andika namba yako ya mtahiniwa, kwenye kila karatasi ya majibu. Jina lako usiliandike popote. Sasa geuza."

Akageuza. Mikono yake ilitetemeka, na lile lilikuwa igizo tu, kwenye uwanja wa paredi.

"Mnaona anatetemeka?" nikasema. "Nanyi mtatetemeka. Ikitokea, msiupige vita mtetemeko. Weka kalamu chini. Weka nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi, itoe taratibu, mara kadhaa. Huibi muda wako, unaununua. Kisha soma maagizo: sehemu A unajibu yote, sehemu nyingine unachagua, na mkichagua zaidi ya mlivyoambiwa mmejichosha bure. Halafu pitia karatasi yote ukitafuta swali moja tu unalolijua. Moja. Hata kama liko mwisho. Lianze hilo. Hakuna sheria inayosema uanze na la kwanza. Kichwa kikiona mkono unaandika, kitafunguka."

Nikawaonyesha maneno yanayoamuru. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini maneno yanayoamuru ndani yake ni machache, na tunapoteza alama nyingi kwa kutoyatofautisha. Ukiambiwa utaje, taja, usihubiri. Ukiambiwa ueleze, kutaja hakutoshi. Ukiambiwa ulinganishe, vitu viwili vyote viwepo kwenye sentensi. Niliwafanya wayaseme kwa sauti. Walimu wenzangu nao walikuwa wamesogea.

"Jambo jingine," nikasema. "Huingii chumbani mikono mitupu. Sehemu ya alama zako imeshatangulia: mtihani wa kidato cha pili, kazi zako za darasani, mock. Hata waliofanya vibaya mock, wana kitu. Haya yaliyobaki ndiyo yaliyo mikononi mwenu."

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Nikauliza kama kuna swali, na sikutegemea mtu. Mkono ukainuka mwisho wa mstari.

"Madam," Ester akasema, na sauti yake ilisikika uwanja mzima, "na nikifeli?"

Jonasi, hili ndilo swali. Yote mengine ni maandalizi yake. Mkuu wangu alikuwa hatua chache kutoka kwangu, na wote walikumbuka alichosema juma lililopita. Ningesema "hutafeli," ningekuwa mwongo kama mgeni rasmi. Ningesema "hilo haliulizwi," ningekuwa nimemrudisha kwenye basi.

"Ukifeli utaumia," nikamwambia. "Nami nitaumia, na sitasema haikuwa kitu. Utalia. Kisha kutakucha, na utakuwa Ester yule yule anayejua Baiolojia. Kuna kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuna vyuo vya ufundi, na mimi nitakaa nawe tutafute njia. Hiyo ni kazi ya Januari, matokeo yakitoka, na Januari tutaifanya. Lakini usiifanye kazi ya Januari leo, kwa sababu ya leo bado haijafanywa. Nikuulize la leo?"

"Niulize."

"Damu inayorudi kutoka mwilini inaingia wapi kwenye moyo?"

Nikaona kidole chake kinachora kitu hewani. Kisha akaanza, kwa Kiingereza, chumba cha juu upande wa kulia, vali, chumba cha chini, mapafu, na kurudi kushoto, na kutoka kwenda mwili mzima, bila kukosea mahali. Aliendelea hata nilipokuwa nimeshatosheka. Alipomaliza, mtu mmoja upande wa kidato cha pili akaanza kupiga makofi, na uwanja wote ukafuata.

"Hicho ndicho kilichoulizwa kwenye karatasi yako ya mock," nikamwambia. "Kilikuwepo kichwani mwako siku zote."

Hapo mwalimu Ruhasha akapita mbele. Sikujua anakuja kufanya nini. Alisimama, akakohoa, akaongea Kiswahili, mara ya kwanza kwenye paredi yake.

"Juma lililopita nilisema atakayepata sifuri asinionyeshe uso. Neno hilo nimelifuta. Mtakuja, matokeo yoyote, ofisi yangu iko wazi. Lakini mje mkiwa mmefanya kazi. Hilo sijalifuta."

Walicheka, mwanangu, wakacheka kweli, nami nikaona mabega yao yanashuka. Nikamalizia kwa kazi. Kila mtu achukue karatasi zake za mock, achague swali moja alilolikosa kwa kila somo, alijibu upya kabla ya kulala, na anayelijua swali amfundishe asiyelijua. Nitakuwa bwaloni kila jioni kusahihisha. Kengele ikalia. Basi la saa nne lilipita, nikalisikia likibadilisha gia kwenye mlima, na Ester alikuwa ubaoni akiwachorea wenzake moyo.

Jioni zilizofuata bwalo lilijaa kelele. Hazikuwa kelele za hofu. Walibishana. Wale wavulana wa mpira walikuja na maswali ya Hesabu, mmoja akaniambia, "Madam, hili nimelikosa mara tatu, leo halitoki hapa." Mwalimu Ruhasha mwenyewe alikuja kufundisha Jiografia, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Hawakupumzika, na hawakutapika. Hapo nilijua kwamba mtu anaweza kutulia na kufanya kazi kwa wakati mmoja, tena hufanya zaidi.

Siku za mtihani hatukuruhusiwa kusogea vyumbani. Nilikaa ofisini nikipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Siku ya Baiolojia walipotoka, niliwaona kwa mbali wakishuka kwenye ngazi, nikamtafuta Ester. Alikuja akitembea polepole, kalamu bado mkononi. Sikuuliza.

"Madam," akasema, "nilianza na la tisa."

"Halafu?"

"Nilipogeuza, wale wadudu wakaja tena. Nikaweka kalamu chini. Nikapumua. Nikatafuta, la tisa nikaliona nalijua. Nilipolimaliza nikarudi la kwanza, na wadudu hawakuwepo." Kisha akaketi kwenye nyasi na kula wote ule muhogo niliojiletea wa mchana.

Januari matokeo yalipotoka, mwalimu Ruhasha alikwenda mjini kuyachukua, kwa kuwa shuleni mtandao ulikuwa haushiki. Watu walijaa uwanjani kumsubiri, wazazi na majembe yao, watoto, mama wa jikoni. Alirudi nyuma ya pikipiki, akashuka, akapanda kwenye jukwaa la bendera bila kuvua kofia ngumu. Alisoma jina baada ya jina. Tulingoja kusikia neno sifuri, na halikuja. Alifika mwisho wa karatasi, akaigeuza nyuma kuhakikisha kwamba hakuna kitu, akasema, "Imekwisha. Hakuna."

Ester alikuwa na divisheni ya kwanza, na A ya Baiolojia. Baba yake, mtu mzito wa maneno, alinishika mikono yote miwili akasema tu, "Mwakeye, mwalimu," salamu ya asubuhi, na wakati huo ilikuwa mchana, na hakuna aliyemsahihisha. Akina mama wakaanza kucheza. Mwalimu Ruhasha alichezeshwa akiwa na kofia ngumu kichwani. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Ester sasa anatibu watu, na kati ya vijana wale wa mpira, mmoja ni fundi umeme, mwingine ana watoto wanaoniita bibi.

Miaka yote iliyofuata mkuu alinipa paredi hiyo. Siku nyingine ilikwenda vizuri, siku nyingine ilichechemea, na wapo waliofeli, nami nilikaa nao Januari kama nilivyoahidi. Sikujutia hata moja.

Kwa hiyo, Jonasi, Jumatatu usiwatafutie maneno makubwa. Huko uendako utakuta watoto wa kila namna: Waha wenzetu, watoto wa wafanyabiashara wa mjini Kasulu, wengine ambao Kiswahili chenyewe kilikuja baadaye. Waongelee kwa lugha inayowafikia. Usiwaambie ni rahisi, watajua unadanganya. Usiwaambie maisha yao yanaishia kwenye karatasi ile, kwa kuwa huo nao ni uongo. Waonyeshe chumba, waonyeshe hatua, wape kazi ya leo. Mkuu wako akiwa amekwisha kuwatisha, usimwaibishe. Mpe nafasi ya kusema neno lake upya. Na ukimaliza, usishuke haraka. Ngoja mpaka yule wa mwisho wa mstari ainue mkono, na umjibu ukweli.

Utatetemeka pia, mwanangu. Najua, kwa kuwa ulitetemeka leo asubuhi ukishika kikombe. Si vibaya wakikuona.

Ukishamjibu, waambie, "Twendeni darasani." Kisha geuka, na uwe wa kwanza kutembea. Watakufuata. Mimi nitakuwa hapa Kibondo, saa hiyo hiyo, nikitembea nawe.

Mama yako